Mtu mzima asiye na akti ya kuzaliwa: ni makaratasi gani yanakubaliwa?

Juma hili tunaanza na jambo lililotukuta ndani ya kikundi chetu cha likelemba. Mmoja wetu, fundi wa nguo anayekaa Katuba hapa Lubumbashi, alifiwa na baba yake. Matanga yalipoisha, jamaa ilikutana Likasi kuzungumza juu ya parseli ya marehemu. Kaka yake mkubwa alileta akti yake ya kuzaliwa, dada anayemfuata kaka pia. Yeye, mtoto wa tatu, alikuwa na karte ya elekteri tu. Baba mdogo akasema: “Wewe onyesha kwanza karatasi inayosema ulizaliwa na ndugu yangu.” Alirudi Lubumbashi analia. Si kwamba kuna mtu asiyejua yeye ni mtoto wa nani. Kartie nzima inajua. Lakini serikali haisomi yale kartie inayoyajua, inasoma kitabu cha eta-sivili.

Tulimsindikiza katika safari hiyo mwanzo mpaka mwisho, na tulijifunza mengi ambayo tungependa tuyajue mapema. Kwa hiyo leo hatusemi juu ya watoto wachanga, ambao wana siku 90 za kuandikishwa bure. Tunasema juu ya mtu mzima, wa miaka 18 na zaidi, ambaye jina lake halikuandikwa kamwe. Aliye chini ya miaka 18 anapitia tribinali ya watoto, na hiyo ni njia nyingine.

Kwanza, tusichanganye makaratasi matatu

Tulipomwuliza mwenzetu kama kweli hana akti, mama yake alitoa kwenye sanduku la bati karatasi kuukuu ya materinite. “Hii hapa akti!” Haikuwa akti. Ni karatasi ambayo hospitali inampa mzazi ili aipeleke kwenye komini. Inasema kwamba mwanamke fulani alizaa mtoto siku fulani. Ni mlango wa kuingilia, haijawa nyumba.

Karatasi ya pili inayodanganya watu ni atestasio ya kuzaliwa. Inatolewa na ofisi ya kartie au ya komini, mara nyingi siku ileile, kwa maneno ya mwenyewe tu. Wengi wetu tumeitumia kumwandikisha mtoto shuleni, na shule ikaipokea. Lakini nyuma yake hakuna kitabu. Ukiiweka mbele ya hakimu au ofisi inayochunguza, watakuuliza namba ya akti, na wewe hauna.

Akti yenyewe ni yale maandiko yaliyo ndani ya kitabu cha eta-sivili. Ina namba, ina mwaka wa kitabu, ina sahihi ya ofisa wa eta-sivili, ambaye mjini ni bugumestre wa komini na kijijini ni mkubwa wa sekta au wa shefferi. Wewe hauchukui kitabu, unapewa kopi yake. Ukitaka kujua kama ulicho nacho mkononi ni akti, tafuta namba ya akti na namba ya kitabu. Kama havipo, bado hauna akti.

Kwa nini mwenzetu hakuandikishwa wakati ndugu zake wawili waliandikishwa? Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines kule Shituru. Mwaka 1989 sheria ya jamaa ya 1987 ilikuwa inampa mzazi siku 30 tu. Ni sheria mpya ya 2016 iliyofikisha siku 90. Mama alizaa kwa shida, akakaa hospitali, baba akawa kwenye kazi ya usiku, siku 30 zikapita. Halafu wakaogopa kuulizwa sababu ya kuchelewa, na karatasi ya hospitali ikaingia kwenye sanduku. Ikakaa huko miaka zaidi ya thelathini.

Njia ni moja: tribinali

Siku zikishapita, komini haina tena ruhusa ya kuandika akti kwa kusikiliza maneno yako. Bugumestre mwenyewe hana uwezo huo. Inatakiwa hukumu ya tribinali ya amani, hukumu inayojaza nafasi ya akti iliyokosekana. Watu wanaiita kwa kifupi supletifu. Hakimu anasikiliza, anatazama vitu vya kushuhudia, kisha anasema: mtu huyu alizaliwa siku fulani, mahali fulani, na baba fulani na mama fulani, na komini iandike hivyo.

Hapo ndipo mwenzetu alipoteza juma mbili za kwanza. Alipeleka ombi lake kwenye tribinali ya Lubumbashi kwa sababu ndiko anakokaa. Mfanyakazi wa grefu alisoma, akamrudishia: “Mama, ulizaliwa Likasi, na wazazi wako walikuwa wanakaa Likasi. Nenda Likasi.” Alikuwa na haki. Sheria inasema ombi linapelekwa kwenye tribinali ya mahali ambapo akti ingalipaswa kuandikwa wakati ule. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata franga moja, uliza kwanza: wazazi wangu wangalipaswa kuniandikisha wapi? Ndiko utakakokwenda.

Na kabla ya kwenda tribinali, pita komini ya kuzaliwa. Yeye alipita komini ya Kikula. Tulimwambia aombe watazame vitabu vya mwaka 1989 na 1990, kwa sababu imewahi kutokea mtu anahangaika na supletifu kumbe baba yake marehemu alimwandikisha bila kusema. Walitazama, hawakuona jina. Akaomba wamwandikie hivyo kwenye karatasi yenye muhuri. Karatasi hiyo ndogo ilimsaidia sana, maana swali la kwanza la hakimu lilikuwa: “Una hakika gani kwamba hauna akti nyingine?” Mtu mmoja hawezi kuwa na akti mbili.

Vitu vya kushuhudia, na uzito wa kila kimoja

Hakuna orodha moja iliyobandikwa ukutani inayosema leta hiki na kile. Hakimu anapima. Lakini tumeona namna wanavyopima, na kanuni yao ni nyepesi kukumbuka: karatasi iliyoandikwa karibu na siku ya kuzaliwa ina nguvu kuliko iliyoandikwa jana. Na karatasi iliyoandikwa na mtu asiyepata faida yoyote ina nguvu kuliko ile uliyoiomba wewe mwenyewe kwa ajili ya kesi.

Kwa kanuni hiyo, karatasi ya hospitali iko juu kabisa, hata kama imechakaa. Kama imepotea, rudi kwenye materinite ile na uombe watazame registre ya kuzalisha ya mwaka ule. Wengine wanazitunza. Mwenzetu alikuwa na bahati ya kuwa na karatasi yenyewe: tarehe 12 mwezi wa 3, 1989, jina la mama, mtoto wa kike. Lakini ilikuwa na upungufu. Jina la mtoto halikuwepo, kwa sababu siku ya tatu mtoto alikuwa hajapewa jina. Kwa hiyo inaonyesha kwamba mama yule alizaa siku ile. Haionyeshi kwamba aliyezaliwa ni huyu.

Karte ya ubatizo ndiyo iliyojaza pengo hilo. Parokia inaandika jina la mtoto, la baba, la mama, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya ubatizo. Yeye alibatizwa wiki chache tu baada ya kuzaliwa, kwa hiyo padri hakuwa na sababu ya kukosea mwaka. Uzuri wa kanisa ni kwamba wanatunza kitabu: karte ikipotea, unaomba nyingine na wanaitoa kwenye kitabu kilekile. Lakini angalia tarehe ya ubatizo. Mtu aliyebatizwa akiwa na miaka 20 alitaja tarehe yake mwenyewe. Karte hiyo haina nguvu kama ya mtoto mchanga.

Kwa jamaa za wafanyakazi wa makampuni makubwa, kama Gécamines au shirika la reli, kuna hazina ambayo wengi wanaisahau. Kampuni ilikuwa inahudumia jamaa ya mfanyakazi kwa chakula, matibabu na shule, kwa hiyo iliandika majina ya watoto wote na tarehe zao. Tafuteni karatasi ya muundo wa jamaa katika vitu vya baba. Kwenye sanduku lilelile la bati tulikuta moja ya mwaka 1992: baba, mama, watoto wanne, na yeye akiwa wa tatu. Hakuna mtu aliyeiandika kwa kuwaza parseli ya miaka thelathini baadaye. Hakimu aliishika kwa muda mrefu kuliko zote.

Kitabu cha jamaa, kile ambacho wazazi wanapewa komini wakiandikisha ndoa, nacho kilikuwepo. Ukurasa wa mtoto wa kwanza umejazwa, wa pili umejazwa, wa tatu mtupu. Mwenzetu alitaka kukificha, akifikiri ukurasa mtupu utamharibia. Tulimwambia akilete. Kilionyesha kwamba wazazi walikuwa wameoana kisheria kabla hajazaliwa, na hilo ni jambo kubwa tutakalolirudia chini. Pamoja nacho alileta kopi za akti za ndugu zake, ili hakimu aone kwamba tarehe zinafuatana: kaka 1984, dada 1986, yeye 1989, mdogo wao 1991. Hakimu anahesabu. Tarehe yako ikiangukia miezi mitano baada ya ndugu yako, hautaeleweka.

Makaratasi ya shule yanafuata: bulteni za msingi, sertifika ya darasa la sita, diploma ya serikali. Hayo yana nguvu ya katikati. Yanaonyesha kwamba tangu utoto ulikuwa unaitwa jina hili na kutaja tarehe hii. Bulteni ya darasa la kwanza ni bora kuliko diploma, kwa sababu ya kanuni ileile ya ukaribu.

Na karte ya elekteri? Inatakiwa, hautaingia bila hiyo, kwa sababu ndiyo inayotumika kama karte ya kitambulisho kwa sasa. Lakini inaonyesha wewe ni nani leo. Haionyeshi ulizaliwa wapi, maana aliyekupigia picha aliandika ulichosema. Vivyo hivyo barua ya shefu wa kartie: ni nzuri kuonyesha kwamba unajulikana na unakaa pale, lakini shefu wa leo hakuwepo 1989. Tumeona wamama wanakwenda na barua tatu za mashefu na hakuna kitu kingine. Barua tatu za namna hiyo hazifikii karte moja ya ubatizo.

Makaratasi yakigombana

Hapa ndipo watu wengi wanaanguka. Mwenzetu alipoweka kila kitu juu ya meza, tuliona matatizo mawili.

La kwanza, tarehe. Hospitali, parokia na Gécamines zote zilisema 12 mwezi wa 3, 1989. Karte ya elekteri ilisema tarehe 1 mwezi wa 1, 1990. Alikumbuka: siku ya kuandikishwa msitari ulikuwa mrefu, hakuwa na karatasi, akasema “kama 1990”, wakamwekea mwanzo wa mwaka. Rafiki mmoja akamshauri achukue 1990 tu, ili afanane na karte na pia apunguze mwaka. Tulikataa. Ukibadilisha tarehe ili ifuate karatasi dhaifu, unaziua zile zenye nguvu. Tuliandika ndani ya ombi wazi: karte ya elekteri ina tarehe tofauti, sababu ni hii, naomba mzingatie ya hospitali. Kasoro unayoisema mwenyewe hakimu anaisikiliza. Anayoigundua yeye anaifanya kuwa mashaka.

La pili, majina. Karte ya ubatizo ina jina la kikristo mbele. Bulteni za darasa la kwanza hazina. Kwa vijana hili ni fumbo, lakini sisi wa zamani tunakumbuka: wakati wa Zaïre, tangu 1972, majina ya kikristo hayakuruhusiwa kwenye makaratasi ya serikali, na yalirudi baada ya 1990. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa miaka ile ana majina mawili bila kosa lake. Dawa yake ni kuandika kwenye ombi majina yote kama yanavyosomeka katika kila karatasi, pamoja na herufi zinazotofautiana, na kusema kwamba ni mtu mmoja. Halafu chagua namna moja ambayo unaomba iandikwe kwenye akti. Ichague vizuri, maana kubadilisha baadaye ni kesi nyingine.

Mashahidi

Makaratasi hayasemi peke yake. Hakimu anataka watu wanaokula kiapo na kusimulia. Mwenzetu alitaka kuleta rafiki zake wawili wa soko, wanaomjua kwa miaka kumi. Wamama wazuri, lakini wangeshuhudia nini? Mwaka 1989 hawakumjua. Shahidi wa kuzaliwa ni mtu aliyekuwa tayari na akili wakati ule, na aliyekuwa karibu.

Alileta wawili. Wa kwanza alikuwa mama yake mzazi. Wa pili alikuwa jirani wa zamani wa Kikula, bibi wa miaka zaidi ya sabini, aliyemsindikiza mama yake materinite usiku ule. Kaka alikuwa tayari pia, lakini mwaka 1989 alikuwa na miaka mitano tu, na tena ana sehemu katika parseli. Hakimu anamsikiliza ndugu, lakini jirani asiyetarajia kitu anamwamini zaidi. Kila shahidi awe na karte yake ya kitambulisho, na jina lake liandikwe ndani ya ombi.

Tusiwafundishe mashahidi maneno ya kukariri. Bibi yule aliulizwa mvua ilikuwa inanyesha au ni kiangazi, nani alibaki na watoto wengine, mtoto aliitwa kwa jina la nani. Alijibu kwamba mvua ilikuwa kubwa na walivuka na viatu mkononi, kwamba yeye ndiye aliyerudi asubuhi kuwapikia watoto wawili uji, na kwamba mtoto alipewa jina la mama mzaa baba. Tarehe kamili hakuikumbuka. Hakimu hakukasirika. Tarehe ilikuwa tayari kwenye karatasi. Alichotaka kwa bibi ni kujua kama kweli alikuwepo.

Siku ya tribinali na zile zinazofuata

Ombi lenyewe ni barua inayoelekezwa kwa prezida wa tribinali ya amani. Inasema: majina yako na mahali unapokaa, siku na mahali ulipozaliwa, majina ya baba na ya mama, kwa nini haukuandikishwa, unaomba nini, na orodha ya vitu unavyoambatanisha. Kurasa mbili zinatosha. Tia fotokopi, na makaratasi yenyewe uende nayo siku ya kusikilizwa uyaonyeshe tu. Usiache ya asili grefu.

Kwenye grefu unalipa gharama za kesi. Dai risiti kwa kila franga. Kama hauna uwezo, sheria inaruhusu kumwomba prezida akuondolee malipo ya mbele, na utahitaji karatasi inayoonyesha umaskini wako. Baro za mawakili zina ofisi ya mashauri ya bure inayoweza kukusaidia kuandika. Si lazima kuwa na avoka. Mwenzetu hakuwa naye.

Grefu inafungua kesi na kuipa namba. Faili inapelekwa kwa parke ili prokirere atoe mawazo yake, kisha siku ya kusikilizwa inapangwa. Baba mdogo alikuwa anajua siku hiyo, lakini hakufika.

Hukumu ilipotoka, mwenzetu alifurahi na kutaka kurudi kwenye jamaa siku ileile. Tulimzuia, kwa sababu hukumu peke yake haijawa akti. Inabaki hatua tatu. Hukumu inatangazwa rasmi kwa wanaohusika. Zinapita siku 30 za rufaa. Halafu grefu inatoa karatasi inayosema hakuna aliyekata rufaa. Hukumu na karatasi hiyo ndizo unazozipeleka kwenye komini ya kuzaliwa, na pale ndipo ofisa anaandika akti ndani ya kitabu cha mwaka huu. Usishangae akti ya mtu wa 1989 kuwa katika kitabu kipya. Ni sawa, na namba ya hukumu itatajwa ndani yake. Hapo unaomba kopi nzima ya akti.

Tunajua wamama walioishia kwenye hukumu. Wameikunja, wameiweka chini ya godoro, wanafikiri wamemaliza. Kama uko hivyo, nenda grefu uulize karatasi ya kutokukata rufaa, kisha peleka komini. Sehemu ngumu umeshaifanya.

Mambo mawili ya kujihadhari

La kwanza ni wale vijana wanaosimama nje ya tribinali wakisema “mama, lete pesa na majina, kesho unapata supletifu.” Tazama hatua tulizozisema: kuna mawazo ya parke, kuna mashahidi, kuna siku 30. Karatasi inayotoka kwa siku moja, bila wewe kusimama mbele ya mtu yeyote, imeruka hatua hizo. Namna ya kujua ni kuchukua namba ya kesi iliyo juu ya hukumu na kwenda kwenye grefu ya tribinali iliyoandikwa pale, uombe watazame kitabu chao. Kama namba haipo, au iko kwa jina la mtu mwingine, ulichonunua ni karatasi tu. Na siku itakapogunduliwa, atakayeulizwa ni wewe uliyeitumia.

La pili linahusu baba. Mwenzetu alipata jina la baba yake kwenye akti bila ugumu kwa sababu wazazi walikuwa wameoana, na mtoto anayezaliwa ndani ya ndoa sheria inamhesabu kuwa wa mume. Ndiyo maana kile kitabu chenye ukurasa mtupu kilikuwa na thamani. Lakini kama wazazi hawakuoana, na baba hakumkubali mtoto mbele ya eta-sivili, supletifu haiwezi kutengeneza ubaba kimyakimya. Hilo ni swali lingine, lina kesi yake, na jamaa ya baba ina haki ya kusikilizwa. Usiandike jina la baba kwa matumaini kwamba hakuna atakayeuliza. Kwenye habari za mali watauliza.

Kwa mwenzetu, tangu siku aliyopeleka ombi Likasi mpaka kushika kopi ya akti, ilichukua karibu miezi minne. Akti haikumpa parseli. Hilo halikuwa swali la hakimu yule. Ilimpa kiti. Jamaa ilipokutana tena, kaka aliweka akti yake juu ya meza, dada akaweka yake, na yeye akaweka yake. Baba mdogo aliisoma mbele na nyuma, akamrudishia, akasema: “Haya, tuanze.” Mazungumzo bado yanaendelea, na safari hii yeye yumo.

Jumamosi kwenye mkutano, kila mama mwenye kaka, dada, mume au mtoto mkubwa asiye na akti alete vile alivyo navyo ndani ya bahasha: karte ya ubatizo, bulteni, karatasi za kampuni, hata zile zilizoliwa na panya. Tutazipanga pamoja juu ya meza, ya zamani kwanza na mpya mwisho, tuone pengo liko wapi kabla mtu hajalipa nauli ya kwenda tribinali.